Chipsi kuku inajaza watu, wali ndio unalipa pango: kusoma taarifa ya faida na hasara ya mgahawa mdogo

Mgahawa unaweza kujaa kuanzia saa sita mchana hadi usiku, mwenye mali akafunga mwezi huku droo haina kitu, na bado mahesabu yakaonyesha faida. Watu wengi wakifika hapo huamua kwamba mahesabu ni ya uongo au mfanyakazi ni mwizi. Mara nyingi taarifa imesema kweli, ila imesomwa mstari mmoja tu, ule wa mwisho. Jibu la wapi fedha inaingia na wapi inavuja limelala katikati ya karatasi, kati ya mauzo na faida ghafi.

Tuchukue mgahawa wa mfano jijini Dar es Salaam, jirani na ofisi, unaofunguliwa siku 26 kwa mwezi. Unauza vitu vya aina tatu: sahani za mchana (wali au ugali na mboga yake) kwa shilingi 2,500, chipsi kuku kwa 5,000, na vinywaji kwa 800. Bei hizi ni za kufundishia, weka za kwako. Taarifa yake ya mwezi mmoja inasomeka hivi:

| | Shilingi |
|---|---:|
| Mauzo | 12,000,000 |
| Gharama ya vilivyouzwa | 7,600,000 |
| Faida ghafi | 4,400,000 |
| Mishahara | 1,400,000 |
| Mkaa na gesi | 620,000 |
| Pango | 450,000 |
| Usafiri wa sokoni | 260,000 |
| Umeme na maji | 180,000 |
| Usafi, ushuru na madogomadogo | 100,000 |
| Vifungashio | 90,000 |
| Riba ya mkopo | 90,000 |
| Makato ya malipo ya simu | 60,000 |
| Uchakavu wa vifaa | 50,000 |
| Faida halisi kabla ya kodi ya mapato | 1,100,000 |

Karatasi hii inasomwa kwa kushuka. Juu kuna kila kilichouzwa mwezi huo, hata kama mteja hajalipa bado. Chini yake kuna gharama ya vitu vilevile vilivyouzwa: mchele, nyama, viazi, mafuta, soda. Kinachobaki ni faida ghafi, yaani fungu ambalo chakula chenyewe kimeliacha ili lilipe watu, moto, nyumba na deni. Fungu hilo likiisha kulipa vyote hivyo, mabaki ndiyo faida halisi.

Kosa la kwanza hutokea kwenye mstari wa pili. Mgahawa huu ulinunua bidhaa za shilingi 8,100,000 mwezi huo, lakini taarifa inasema 7,600,000. Hakuna aliyekosea. Mwezi ulianza stoo ikiwa na mzigo wa 600,000, na uliisha ikiwa na mzigo wa 1,100,000, kwa sababu magunia ya mchele yalinunuliwa siku chache kabla ya mwezi kwisha. Hesabu ni hii:

```
mzigo wa mwanzo + manunuzi - mzigo wa mwisho
600,000 + 8,100,000 - 1,100,000 = 7,600,000
```

Ukiandika manunuzi yote kama gharama, faida ya mwezi huu itaonekana 600,000 badala ya 1,100,000. Mwezi unaofuata utapika mchele ambao ulishauandika, na faida itapanda bila wewe kufanya lolote. Utajilaumu mwezi mmoja na kujisifu mwingine kwa sababu ya tarehe ya kununua mchele. Ndiyo maana stoo lazima ihesabiwe usiku wa siku ya mwisho, baada ya kufunga na kabla ya mzigo wa asubuhi kuingia, kwa bei uliyonunulia na si ya kuuzia. Hesabu pamoja na kuku walio kwenye friza na mafuta yaliyobaki kwenye dumu. Kama mwenye mgahawa amebeba kilo tano za mchele kwenda nyumbani, ziandikwe kwenye daftari la matumizi yake binafsi na ziondolewe kwenye gharama ya chakula. Zisipoondolewa, chungu cha mgahawa kitabebeshwa lawama ya chungu cha nyumbani.

Mstari wa pili ukishakuwa sahihi, uvunje. Taarifa yenye jumla moja ya mauzo ni kama kupima joto la wagonjwa watatu kwa kipimajoto kimoja na kuandika wastani. Ugawe kwa makundi ya vitu unavyouza:

| | Mauzo | Gharama | Faida ghafi |
|---|---:|---:|---:|
| Sahani za mchana | 6,500,000 | 3,380,000 | 3,120,000 |
| Chipsi kuku | 3,900,000 | 3,020,000 | 880,000 |
| Vinywaji | 1,600,000 | 1,200,000 | 400,000 |

Sahani ya mchana ya 2,500 inaacha 1,200. Chipsi kuku ya 5,000, bei maradufu, inaacha kama 1,130 tu. Kwenye kila shilingi 100 za chipsi kuku, 77 zimeshaondoka kabla mkaa haujahesabiwa.

Vinywaji navyo gharama yake ni asilimia 75 ya mauzo, lakini hapo usishtuke. Soda haimenywi, haiungui, haigawanywi kwa jicho, na haihitaji mpishi. Inanunuliwa 600, inauzwa 800, na 200 inabaki karibu yote. Asilimia ya gharama hailinganishwi kati ya vitu vya aina tofauti. Inalinganishwa na ya kitu hichohicho mwezi uliopita, au na gharama ambayo kitu hicho kilipaswa kuwa nayo. Tutarudi hapo.

Faida ghafi bado haijamaliza kesi, kwa sababu baadhi ya gharama zilizoandikwa chini ya karatasi kama za wote zina mwenyewe. Mkaa na gesi ya 620,000 haikuliwa sawasawa. Kuijua sehemu ya kila jiko, kwa wiki mbili kila jiko liwe na gunia lake la mkaa na mtungi wake, na lisiazime kwa jirani. Hapa jiko la chipsi, linalowaka tangu mchana hadi usiku, lilionekana kutumia 380,000, na la sahani za mchana 240,000. Mishahara nayo ina wenyewe: mpishi wa mchana analipwa 500,000, mkaanga chipsi 400,000, na wahudumu wawili wanaohudumia wote wanapata 250,000 kila mmoja.

Sasa kila kundi lijibebee vyake. Sahani za mchana: 3,120,000, toa moto 240,000, toa mpishi 500,000, zinabaki 2,380,000. Chipsi kuku: 880,000, toa moto 380,000, toa mkaanga 400,000, zinabaki 100,000.

Jiko linalovuta watu barabarani kwa harufu, lenye foleni usiku, linaleta karibu theluthi moja ya mauzo na linachangia laki moja tu kwenye pango, umeme na wahudumu. Sufuria la wali lisilotazamwa na mtu ndilo linalobeba nyumba.

Hapo wengi hukimbilia kufuta chipsi. Wasubiri kwanza. Laki moja bado ni laki moja, na pango halitapungua ukifuta jiko. Isitoshe, mtu wa chipsi hununua soda, na soda hiyo imeandikwa kwenye kundi la vinywaji. Swali lenye manufaa ni kama chipsi kuku ni biashara mbaya kwa asili yake, au ni nzuri inayovuja. Taarifa ya faida na hasara peke yake haijibu hilo. Unalijibu kwa kuweka pembeni yake gharama ya sahani moja ikipikwa inavyotakiwa.

Pika sahani moja ukiwa na mizani. Kuku wa kisasa wa shilingi 8,000 anatoa robo nne, kwa hiyo robo ni 2,000. Viazi nusu kilo kabla ya kumenya, kwa 800 ya kilo, ni 400. Mafuta yanayonyonywa na chakula pamoja na yanayomwagwa yakichoka, tuyakadirie mililita 60, ambayo kwa dumu la lita 20 la shilingi 100,000 ni 300. Kachumbari, sosi na chumvi 200. Jumla ni 2,900, yaani asilimia 58 ya bei. Sahani zilizouzwa mwezi huo ni 780, hivyo gharama ilipaswa kuwa 2,262,000. Taarifa inasema 3,020,000. Pengo ni shilingi 758,000, fedha inayokaribia faida halisi ya mgahawa mzima.

Pengo hilo lina sura, na unaiona ukilifuata kiungo kwa kiungo. Kuku waliotumika ni 230, sawa na robo 920, lakini zimeuzwa 780. Robo 140 hazionekani, na thamani yake ni 280,000. Viazi vilivyotumika ni kilo 640 badala ya 390, pengo la 200,000. Mafuta yamekwisha madumu matano ya 500,000, wakati 234,000 ingetosha, pengo la 266,000. Kachumbari na vingine vimezidi kwa 12,000 tu, achana navyo.

Tuanze na kuku, kwa sababu hapo ndipo watu hutuhumiana upesi. Mgahawa una wafanyakazi wanne. Kila mmoja akila robo moja kwa siku, ni robo 104 kwa mwezi, yaani 208,000. Huo si wizi wala uvujaji. Ni posho ya chakula iliyoandikwa mahali pasipo pake. Ihamishie kwenye gharama za wafanyakazi na mchango wa chipsi unapanda kutoka 100,000 hadi 308,000, huku faida halisi ya mgahawa ikibaki ileile. Baada ya hapo ni uamuzi wa mwenye mali pamoja na watu wake kama mlo wa kazini uwe robo ya kuku inayogharimu 2,000 au sahani ya mchana inayogharimu 1,300. Wafanyakazi wale, hilo halina mjadala. Kinachotakiwa ni kujua kinagharimu kiasi gani.

Zinabaki robo 36 katika siku 26, zaidi kidogo ya moja kwa siku. Hizo zinaweza kuwa zimelala na kutupwa, zimeungua, zimetolewa bure kwa mteja, au zimeuzwa na fedha haikufika kwenye droo. Sababu hizi zote zina alama moja kwenye taarifa: gharama inapanda, mauzo hayapandi. Karatasi haiwezi kukuambia ni ipi. Kinachozitenganisha ni hesabu ya kila usiku: robo zilizoingia kwenye friza asubuhi, zilizouzwa, zilizoliwa na wafanyakazi, zilizoharibika na zikaonekana kwa macho, na zilizobaki. Baada ya wiki mbili za hesabu hiyo, kisichoelezeka hubaki peke yake.

Viazi huvuja kwa njia ya jicho na ya kisu. Sahani inayojazwa kwa mkono inakuwa kubwa kwa mteja anayejulikana na kubwa zaidi usiku, wakati karai limejaa. Chagua bakuli au kijiko kimoja cha kupimia na kisibadilike. Kisu nacho kina hesabu yake: pima kilo 10 za viazi, menya, kisha pima tena. Viazi vidogo, vyenye macho mengi au vilivyoanza kuota hupoteza sehemu kubwa zaidi kwenye maganda, kwa hiyo gunia la bei nafuu linaweza kuwa la bei ghali likishamenywa. Pia gunia likifika lipimwe, kwa sababu ukilihesabu kama kilo 100 ilhali lina 85, pengo lako limeanzia sokoni na mkaanga chipsi hahusiki.

Mafuta ndiyo mvujo usioonekana kabisa, kwa sababu hakuna anayeyabeba. Chipsi zinataka mafuta ya nyuzi kama 170 hadi 180 za Selsiasi. Mkaanga akijaza karai kwa sababu foleni ni ndefu, joto linashuka, viazi vinachemka ndani ya mafuta badala ya kukaangwa, na vinatoka laini, vizito, vimenyonya mafuta yako. Viazi vyenye maji vinafanya vivyo hivyo na vinayachosha mafuta upesi, yanaanza kutoa povu na moshi, kisha yanamwagwa mapema. Dawa yake ni ndogo: viazi vichujwe na kukaushwa, viingie kidogokidogo, na chembe zilizoungua zichujwe kila siku baada ya mafuta kupoa. Andika tarehe juu ya kila dumu linapofunguliwa. Dumu lililokuwa likidumu siku tano likianza kudumu siku tatu na nusu kwa mauzo yaleyale, umeona mvujo kabla ya taarifa ya mwezi kuandikwa.

Sasa turudi kwa mwenye mgahawa anayetazama faida ya 1,100,000 na kuuliza iko wapi. Taarifa ya faida na hasara haipimi fedha iliyomo kwenye droo. Kuna vitu vinavyogusa droo na haviigusi taarifa, na vingine kinyume chake. Anza na faida, kisha fuata fedha:

| | Shilingi |
|---|---:|
| Faida halisi | 1,100,000 |
| Rudisha uchakavu, haukulipwa fedha | + 50,000 |
| Rudisha pango, lililipwa miezi iliyopita | + 450,000 |
| Mzigo ulioongezeka stoo | − 500,000 |
| Madeni ya wateja yaliyoongezeka | − 240,000 |
| Mkopo, sehemu ya mtaji | − 300,000 |
| Alizochukua mwenye mgahawa | − 700,000 |
| Badiliko la fedha | − 140,000 |

Fedha imepungua 140,000 ndani ya mwezi wenye faida ya zaidi ya milioni, na kila mstari una maelezo. Rejesho la mkopo lilikuwa 390,000, lakini riba ya 90,000 tu ndiyo gharama. Ile 300,000 ni kurudisha fedha ya watu, kama ambavyo siku ulipoikopa hukuiandika kuwa mauzo. Wafanyakazi wa ofisi jirani wanaokula kwa daftari wamehesabiwa kwenye mauzo, ila 240,000 yao bado iko mifukoni mwao. Uchakavu ni friji ya 1,800,000 iliyogawanywa kwa miezi 60 na jiko la 480,000 lililogawanywa kwa miezi 24. Hakuna aliyelipwa mwezi huu, lakini vifaa vimezeeka.

Mstari wa pango ndio wa kutazamwa kwa hofu. Pango hulipwa 2,700,000 kwa mkupuo wa miezi sita, na taarifa inalipunguza 450,000 kila mwezi. Mwezi huu droo haikulipa pango kabisa, na hata hivyo imepungua. Maana yake ile 450,000 ya kuwekwa pembeni haikuwekwa. Imekwisha kwenye mchele wa stoo, kwenye rejesho na nyumbani. Mwezi wa sita mwenye nyumba akibisha hodi, mgahawa wenye faida utakopa ili ulipe pango, na riba ya mkopo huo itaanza kula faida ya kweli. Kwa biashara zinazolipa pango kwa mkupuo, huu ni mtego wa kawaida. Laini ya simu au akaunti ya peke yake inayopokea 450,000 tarehe ileile kila mwezi hukata mtego huo.

Ile 700,000 aliyochukua mwenye mgahawa haimo kwenye gharama, na ni sawa isiwemo, kwani ni mgawo wa faida. Lakini kama yupo pale kila siku tangu alfajiri, akinunua sokoni na kusimamia, faida ya 1,100,000 imechanganya vitu viwili: malipo ya kazi yake na malipo ya mtaji wake. Mtu wa kufanya kazi hiyo akiajiriwa kwa 600,000, biashara yenyewe inazalisha 500,000. Namba hiyo ndiyo ya kutumia anapofikiria kufungua tawi la pili, kwa sababu kule hatakuwepo.

Baada ya kusoma haya, usirekebishe yote mwezi mmoja. Ukipandisha bei ya chipsi kuku kwa 500, ukabadilisha mkaanga na kuanza kupima viazi kwa wakati mmoja, taarifa inayofuata itabadilika na hutajua kwa nini. Anza na hesabu ya kuku na tarehe za madumu, kwa sababu hazigharimu kitu. Mwezi ukiisha, tazama mstari mmoja: gharama ya chipsi kuku ikilinganishwa na mauzo yake, mlo wa wafanyakazi ukiwa umeshatolewa. Hesabu ya mwezi huu, ikiondolewa ile 208,000, ni asilimia 72. Ikishuka kuelekea 65, mvujo ulikuwa jikoni na unazibika. Ikibaki palepale huku robo za kuku zikilingana na sahani zilizouzwa na madumu yakidumu siku zake, rudi sokoni na mizani na upige upya hesabu ya sahani moja, kwa sababu huenda kuku hanunuliwi tena kwa 8,000 na wewe bado unauza kwa bei ya zamani.